Dola Arobaini za Kilio

Ile barua niliiandika mimi. Watu wa biro yetu, yaani ofisi yetu ya Kasongo, wakisimulia habari hii husema "biro iliandika", "wakubwa waliandika". Ah wapi! Biro haina mikono. Mikono ilikuwa yangu, na hata neno "ninasikitika" lililo kwenye mstari wa kwanza nililiandika mimi, huku nikinywa chai.

Kazi yangu ni kushika listi ya mishahara katika shirika linalosaidia vituo vya afya, kuanzia Kasongo mpaka ndani ya Kabambare. Kila mwisho wa mwezi ninapanga pesa katika bahasha, bahasha moja mtu mmoja, na mwenzetu mmoja wa moto, yaani pikipiki, anazipeleka: Wamaza, Kabambare penyewe, Salamabila kwenye dhahabu. Kila mtu anahesabu pesa zake mbele yake, anatia sahihi, basi. Listi inayosafiri ina jina na jumla tu. Mchanganuo, yaani mshahara ni kiasi gani, posho ni kiasi gani, unabaki Kasongo ndani ya mashine yangu. Kila mfanyakazi anapaswa kupata karatasi yake ya mshahara yenye hesabu yote, najua, msinifundishe. Lakini wino wa kuchapia unatoka mbali, na ukifika wakubwa wanachapa ripoti zao mpaka unakwisha. Watu wa vijijini walikaa zaidi ya mwaka bila kuona karatasi ile. Na mimi nilisema itakuja, itakuja.

Huko Wamaza alikuwapo muuguzi mmoja, mama wa watoto wanne, mjane, mtu wa kucheka kwa sauti kubwa. Alikuwa ananiita yaya, kaka mkubwa, ijapokuwa hatuna udugu. Akipiga simu alipanda kilima kutafuta mtandao, na kabla ya salamu ananitania: "Yaya, ungali unakalia ile kiti? Simama kidogo, utaota mizizi!" Nilimpenda kama mdogo wangu. Nalisema wazi, maana baada ya yale niliyoyafanya mtu anaweza kudhani vingine.

Mwaka juzi, mwanzoni mwa mvua, wakubwa waliamua kumhamishia Salamabila kwa muda, akamsaidie mwenzake aliyekuwa amelemewa. Salamabila kuna posho ya mahali pagumu, dola arobaini kila mwezi juu ya mshahara. Karatasi ya uhamisho ilinifikia, nikaingiza arobaini kwenye mstari wake mapema, ili mwezi ukifika nisisahau. Nilijisifu hata. Mshahara wake ulikuwa dola mia mbili na kumi. Sasa mashine ikaandika mia mbili hamsini.

Hakwenda. Siku nne kabla ya safari, binti yake wa tatu, wa miaka tisa, alishikwa na homa ya malaria iliyokula damu yote. Mama mwenyewe ndiye aliyemtundikia dawa, kwenye kituo chake, kitanda kile kile anachowalaza watoto wa wengine. Damu ya kumwongezea haikuwapo. Walimfunga mgongoni mwa mwenye moto wampeleke hospitali, lakini daraja lilikuwa limeondoka na maji, na mtoto alikata roho pale ukingoni, mama anamshika miguu. Mimi nina watoto.

Habari ilipofika Kasongo biro yote ililia, na kilio kile kilikuwa cha kweli, Mungu anajua. Nikachukua karatasi nyeupe, nikachora mistari, nikaandika juu: Mchango wa kumfariji mwenzetu. Ndiyo desturi yetu. Mtu akifiwa, karatasi inazunguka, kila mmoja anaandika jina na kiasi, kisha analipa pesa ikitoka. Tuliandika watu tisa. Mimi wa kwanza, franka elfu hamsini, tena kwa herufi kubwa ili wengine waone haya kuandika kidogo. Nilimpigia simu. Alikuwa kilimani, upepo unapiga, anajikaza asilie.

"Dada, pole. Pole sana. Tumekuchangia hapa. Utapata pamoja na mshahara, kidogo kidogo, kila mwezi, kadiri watu watakavyolipa."

"Aksanti, yaya. Aksanti sana. Ninyi ndio ndugu zangu."

Nilisema kwa kinywa changu: pamoja na mshahara, kidogo kidogo, kila mwezi. Shikeni maneno hayo.

Sasa hebu niseme ukweli hata kama unauma. Mwezi ule mshahara ulichelewa. Ulipofika, mmoja alikuwa na ada ya shule, mwingine bati la nyumba, mimi nilikuwa na deni dukani. Nilisema mwezi ujao. Mwezi uliofuata hakuna aliyeuliza, na mimi mwenye karatasi sikuuliza, kwa sababu ningeanza kuuliza, wengine wangeniambia, "Wewe wa kwanza, toa." Karatasi ikaingia droo. Juu yake nikaweka faili, juu ya faili nikaweka nyingine. Hakuna aliyelipa hata franka mia.

Na kule Salamabila alitumwa muuguzi mwingine. Nikamwekea naye posho yake ya arobaini. Ile ya dada sikuiondoa. Hakuna mtu aliyeniletea karatasi ya kufuta uhamisho, na mimi kichwa changu kilikuwa kwenye msiba. Ndivyo nilivyojitetea baadaye, na haisaidii kitu.

Kwa hiyo, mwezi baada ya mwezi, dada alifungua bahasha, akahesabu mia mbili hamsini, akatia sahihi.

Baada ya miezi mitatu hivi, mwenzetu wa moto alirudi na bidoni ya lita tano ya mafuta ya mawese, mekundu, mapya. "Imetoka kwa mama wa Wamaza," alisema. "Amesema ni ya wale waliomulilia mutoto wake." Tuligawana mafuta. Mwezi mwingine ukaja mchele wa shambani kwake, kikapu kizima, na jogoo amefungwa miguu. "Ya wale waliomulilia mutoto." Jogoo tulimpika pale pale bironi, siku ya Jumamosi, tukacheka, mtu mmoja akasema dada yule ana moyo mzuri kweli. Nilikula paja. Nilihisi aibu kidogo kwa sababu ya ile karatasi ya droo, nikajiambia anashukuru kwa simu zetu na machozi yetu. Aibu ile ilipita kabla sijanawa mikono.

Miezi tisa. Halafu wakaguzi wakaja kutoka mjini, vijana wawili na mashine zao, wakaweka listi ya waliopo Salamabila kando ya listi ya wanaolipwa posho ya Salamabila. Kituo kimoja, nafasi moja ya msaidizi, posho mbili. Haikuwachukua hata robo saa. Arobaini mara tisa, dola mia tatu sitini.

Mkubwa wetu aliniita. Nilimwomba tuisamehe, kosa ni letu, yeye hakudanganya mtu. Akanijibu taratibu, si mtu mbaya: "Hii pesa ni ya watoa msaada. Ikibaki hivi, kuna mtu atailipa. Nani? Wewe?"

Nilitazama chini. Ndiyo, nilitazama chini. Pale ndipo ningeweza kusema "mimi", nami nilihesabu watoto wangu wanne na nikanyamaza.

Basi tukapanga. Sheria haituruhusu kumkata mtu tunavyotaka. Tulikubaliana makato yasifike sehemu moja ya tano ya mshahara, na yeye mwenyewe akubali kwa maandishi. Dola thelathini kwa mwezi, miezi kumi na miwili. Nikakaa kuandika. Barua ilisema: Ninasikitika kukujulisha kwamba kwa miezi tisa ulilipwa posho ya kituo ambacho hukufanyia kazi. Kosa lilitokea kwetu, halikutokea kwako. Nikaweka jedwali: mwezi, kilicholipwa, kilichostahili, kilichozidi. Nikaandika kwamba makato yataanza mshahara wa mwezi ujao na yataonekana kwenye karatasi yako ya mshahara katika mstari wake peke yake. Kwamba ikiwa hesabu hii si sahihi una siku kumi na tano za kutujibu. Kwamba ikiwa kiasi hiki kitakulemea tunaweza kurefusha muda. Kwamba ukiacha kazi kabla ya mwisho, salio litatolewa katika haki zako za mwisho. Chini, mahali pa tarehe na sahihi. Nilisoma tena, nikaona ni barua nzuri. Wanasheria wangeisifu. Nilichapa nakala mbili, na pamoja nazo, kwa mara ya kwanza, karatasi zake za mshahara za miezi yote tisa. Wino siku hiyo ulipatikana.

Mwenzetu wa moto alikataa kuibeba. "Bahasha ya pesa nitapeleka. Ile barua, peleka mwenyewe." Alisema kweli. Nikapanda nyuma yake, mimi na mgongo wangu mbovu, tukala vumbi na matope mpaka Wamaza.

Dada alikuwa akipima mimba za akina mama. Aliponiona alipiga makofi. "Ehee! Kiti imemutapika! Karibu, yaya, karibu!" Akawaambia wagonjwa wote kwamba huyu ndiye yaya wake wa Kasongo, mmoja wa wale aliowahadithia. Wanawake wale wakainuka mmoja mmoja, wakanipa mikono miwili. Sikuelewa bado. Nilidhani ni heshima ya ugeni.

Baada ya wagonjwa kuondoka tukaketi kwenye benchi la kituo. Nilimpa barua. Alisoma pole pole, kidole kikifuata mistari ya jedwali. Alisoma mara mbili. Kisha akachukua karatasi za mshahara, moja moja, akatafuta kitu na hakukiona. Aliponitazama uso wake haukuwa na hasira hata kidogo, ulikuwa uso wa mtu anayesaidia mwenzake kukumbuka.

"Yaya, hapa mulikosea. Hii arobaini haiko ya Salamabila. Mi sikuenda Salamabila, najua, siwezi kula posho ya pahali sikufanya kazi. Hii ni ile ya kilio. Ile muliyonichangia. Ulinambia mwenyewe, itakuja na mushahara, kidogo kidogo."

Ee Mungu wangu. Ndipo nikaelewa yale mafuta, ule mchele, lile paja la jogoo.

"Si ndiyo?" alisema. "Yaya?"

Ningeweza kudanganya. Lakini karatasi zilikuwa mapajani mwake, na zilikuwa zimeandikwa vizuri.

"Hapana, dada. Ni posho. Nilisahau kuiondoa."

"Na mchango?"

"Tuliandika majina tu."

"Majina tu."

"Ndiyo."

"Ninyi wote tisa?" Alikuwa anajua hesabu yetu. Mwenye moto alimwambia siku ya kwanza.

"Wote. Na mimi wa kwanza."

Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga kelele, anitukane, aniite mwizi mbele ya kijiji. Aliziweka karatasi sawasawa, pembe kwa pembe. Halafu akauliza swali la kazi: "Thelathini, kuanzia mwezi ujao?" Nikasema ndiyo. "Na hii hesabu iko sawa. Tisa mara arobaini." Nikamwambia tunaweza kupunguza, iwe ishirini, muda uwe mrefu zaidi, ni haki yake. "Aka, acha. Ikatwe, iishe." Akatia sahihi nakala zote mbili, akaandika tarehe, akanirudishia moja.

"Ulikula wapi ile pesa, dada?" nilimuuliza, swali la kijinga, sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kusikia kwamba bado iko, amefukia mahali.

"Sikuikula," alisema. "Rudi salama, yaya. Mvua itawakuta." Hakunisindikiza.

Kasongo niliwakusanya wenzangu, nikatoa ile karatasi ya droo, nikaiweka mezani. Niliwaeleza kila kitu, mpaka jogoo. Mama mmoja wa usafi, aliyeandika franka elfu tano, alilia akajifunika kitenge usoni. Yule wa bati alisema hakujua. "Sisi wote hatukujua," nilimfokea, "na sisi wote tulikula!" Kwa wiki tatu zilizobaki kabla ya mshahara hakuna aliyesema mwezi ujao. Walilipa walichoandika, na wengine wakaongeza. Mimi nililipa mara nne ya elfu hamsini zangu, na hilo silisemi nisifiwe. Ulikuwa karibu mwaka tangu msiba, na mimi nilikuwa na deni la mwaka ule wote. Tulibadilisha ikawa dola mia tatu na kumi. Karibu deni lote.

Mwisho wa mwezi nilipanda moto tena. Katika bahasha ya mshahara kulikuwa na dola mia moja themanini, na karatasi ya mshahara yenye ule mstari: makato ya kwanza, thelathini, salio, mia tatu thelathini. Katika bahasha nyingine, ile ya kwetu.

Alihesabu mshahara, akatia sahihi. Ile ya pili hakuifungua.

"Hii ni nini?"

"Ni mchango, dada. Ule wenyewe. Tumechelewa, lakini ni huu. Unaweza kumaliza nao deni, biro itapokea yote kwa mara moja, makato yatakwisha."

Aliweka kalamu, akasema, "Kuja nikuonyeshe kitu."

Tulipita nyuma ya kanisa, kwenye njia ya mihogo. Makaburi ya Wamaza ni ya udongo, mengi yamelala chini na majani yamemea. Lile la mtoto lilikuwa la saruji. Saruji kule inatoka Kasongo kwa moto, mfuko mmoja juu ya tumbo la tangi, na bei yake inapanda kila daraja. Dada alinunua mfuko mmoja mwezi huu, mmoja mwezi ule, mpaka likaisha, laini, pembe zake nne sawa, na msalaba juu. Kichwani, fundi aliandika kwa msumari kabla saruji haijakauka. Jina la mtoto. Miaka yake. Na chini yake, kwa herufi zilizobanana kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo: Limejengwa na wenzake wa mama, Kasongo. Aksanti.

Nilipiga magoti. Si kwa kusali. Nilisoma tena, kidole kwenye herufi.

"Wakwe zangu walitaka kunirudisha kwetu," alisema nyuma yangu. "Baba yao amekufa, mutoto amekufa, walisema niko na mukosi. Nikawaleta hapa. Nikawaambia, someni, mi niko na ndugu. Wakanyamaza."

Nilimwambia, huku nalia bila haya, kwamba fundi wa Kasongo ataweza kulifunika neno lile, atapaka saruji nyembamba juu, nitamlipa mimi. Nilimwambia vilevile achukue bahasha. Nilisema mengi, nilikuwa naropoka tu.

Alinirudishia bahasha mfukoni mwa shati langu, akaibonyeza kwa kiganja ikae.

"Deni ni la kazi, yaya. Nitalilipa na kazi. Hii ya kilio ilikuwa na siku zake."

"Basi tufute lile neno tu, dada. Ninakuomba. Ni uongo."

Aliinama, akang'oa majani mawili yaliyokuwa yameanza kumea kwenye ufa wa saruji.

"Siwezi kufuta," alisema. "Nilishamwambia mutoto kwamba mulimulilia."

Tulirudi kituoni. Mwezi uliofuata nilimkata thelathini, na uliofuata pia, mpaka salio likasoma sifuri. Kila mwezi nilikuwa na wino wa karatasi yake. Yaya hakuniita tena. Ananiita bwana wa mishahara, kwa heshima, na anauliza kama watoto wako salama.